Kinyota Kilichofutwa

Celina alikuwa na kiburi cha Kiingereza, tuseme ukweli. Pale stesheneri ya Ghanshyam, mtaa mmoja tu kutoka soko la Kariakoo, nani mwingine angekabidhiwa disketi ya kiwanda cha mikate, slaidi kumi na mbili za Kiswahili zigeuzwe Kiingereza kwa ajili ya bodi? Kiwanda kilikuwa kimebinafsishwa, na wenye hisa wapya walikuwa wageni.

Aliyeileta ni mzee Bakili, mkuu wa zamu ya usiku. "Tarakimu usiguse, mwanangu," alisema. "Na kila kitu kikae palepale kilipo."

Slaidi ya saba ilikuwa na grafu ya mikate inayotoka tanurini: saa 9, saa 10, saa 11. Chini yake kinyota na maneno madogo: saa za Kiswahili, usiku. Sasa, kumweleza mgeni saa za Kiswahili ni habari ndefu. Maneno yakawa mistari miwili, yakapanda juu ya nembo ya kiwanda. Celina akapunguza herufi, wapi! Akaona, aa, watajua wenyewe. Akafuta kinyota na maneno yake. Na slaidi ikapendeza kweli.

Bakili alipoifuata disketi yake alikodolea skrini macho. "Yale maneno ya chini umeyatia?"

"Yapo, mzee."

Loh! Uongo mkavu, mchana kweupe.

Siku ya kikao, kiwandani Msimbazi, Celina aliitwa abonyeze slaidi. Ilipofika ya saba mwenye hisa mmoja akagonga meza, akasema maneno mengi kwa ukali. Mwenyekiti Theophil akamgeukia Bakili.

"Anauliza, mkate ukitoka saa tatu asubuhi, watu wameshakunywa chai, atauziwa nani? Anataka zamu yako ivunjwe. Watu wote arobaini."

"Saa tatu ya wapi?" Bakili alishangaa. "Ni saa tisa usiku. Imeandikwa pale chini."

Akainuka, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole chini ya grafu. Peupe. Akasogeza uso, akatafuta kulia, akatafuta kushoto, mwanga wa projekta ukimpiga kwenye kipara. Mtu mmoja akacheka.

Celina alitamani ardhi ipasuke immeze. Angenyamaza, nani angejua? Kiingereza cha mzee kilikuwa cha kuombea maji tu.

"Nisameheni, mwenyekiti," Bakili akasema. "Labda nilisahau mwenyewe."

Hapo Celina akashindwa. Akasimama. "Hakusahau. Yalikuwepo, nikayafuta mimi." Akarudia kwa Kiingereza, kile kile alichojivunia, akawaeleza wageni na saa za Kiswahili.

Wageni wakanong'onezana. Theophil akatangaza kwamba zamu ya usiku inabaki, akaomba slaidi ya nane.

Bakili alikuwa bado amesimama ukutani. Hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka.

"Mwanangu," alisema polepole, "si nilikuuliza?"