Dakika Kumi za Jopo

Barua pepe ya usaili wa mtandaoni aliyotumiwa nesi ilisema wazi: saa nne kamili, na jopo lingesubiri dakika kumi tu. Saa nne kasoro kumi, kompyuta ya nesi ilikuwa imeunganishwa na kile kifaa kidogo cha intaneti, alama ya mawimbi imejaa, lakini hakuna ukurasa uliofunguka.

"Laini imelegea," alisema mumewe. Akaichomoa, akaipangusa, akairudisha. Hali ni ile ile.

"Angalia salio," alisema nesi.

Simu kubwa ya nesi ilikuwa kwa fundi wao, ikisubiri kioo kipya. Nyumbani kilibaki kitochi cha mume, simu ndogo ya vitufe. Mume akaivalisha ile laini ndogo ya kifaa fremu ya plastiki, akaiingiza na kupiga namba ya salio. Gigabaiti tisa, muda wake wiki nzima.

"Bando lipo, laini nzima," alisema nesi. "Mpigie fundi, baba watoto."

Saa nne ikagonga. Mume akarudisha kila laini mahali pake, akampigia fundi na kuweka kitochi kwenye spika.

"Shemeji, kifaa chenyewe si kile mlichonunua kimetumika, cha kampuni nyingine?" aliuliza fundi.

"Ndicho," alijibu nesi.

"Niliwawekea mipangilio ya kampuni yenu kwa mkono. Kuna mtu amebonyeza kile kitundu cha ndani?"

Nesi alisema hapana.

"Na wewe, kaka?"

"Nilibonyeza mimi," alisema mume. "Jana, kwa pini. Kilikuwa kinasuasua, nikataka leo kiwe chepesi kwa ajili yake."

"Na ukanyamaza robo saa nzima?" aliuliza nesi.

"Nilidhani nimekisafisha tu."

"Umekirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, kaka. Sasa kinabisha hodi kwa kampuni ya zamani. Shemeji, fungua ukurasa wa kifaa. Huo hauhitaji intaneti. Anwani na nywila vipo kwenye kibandiko chini ya betri."

Kutoa betri kulizima kifaa. Kukiwasha tena kulikula dakika mbili. Nesi aliingia, akafuta jina la lango la intaneti la kampuni ya zamani, akaandika la kampuni yao herufi kwa herufi kama fundi alivyolitamka, akahifadhi, akaliteua liwe ndilo linalotumika. Taa nyekundu ikawa ya kijani.

Saa nne na dakika kumi na tatu akabonyeza kiungo cha usaili. Kikao kilikuwa kimefungwa.

Alifungua barua pepe, akaanza kuomba nafasi nyingine.

"Waandikie kuwa ni mimi," alisema mumewe.

Nesi aliandika kwamba mipangilio ya kifaa ilikuwa imefutika, akatuma. Hakumtazama.

"Haloo?" fundi alikuwa bado hewani. "Imekubali?"

"Imekubali," alisema mume.