Mpaka Amwachie Mkono

Mazoezi ya kuingia ukumbini tuliyafanya jioni ya kuamkia harusi. Mimi ndiye MC, na kwenye mazoezi sina simile.

"Wapambe, wawili wawili! Chezeni, msiburute miguu kama mnakwenda kung'olewa meno!"

Baada yao watoto wa maua, kisha wasimamizi, na mwisho maharusi. Wakifika katikati, bwana harusi anamwachia bibi harusi mkono ili azunguke peke yake. Hapo ndipo DJ anapobadilisha wimbo, si kabla.

Bwana harusi hakuachia. Tulirudia, akamshika vilevile, kwenye kifundo cha mkono.

"Shemeji, mwachie basi."

"Huyu nikimwachia atapotea," alisema, na wapambe wakacheka. Bibi harusi hakucheka.

Wakati wa kunywa maji nilimkuta koridoni akijisugua mkono. Palikuwa na alama za vidole, nyingine zimeshageuka manjano.

"Mwanangu, hizi si za leo."

"Watu wameshaalikwa, mama. Nitasema nini?" Akashusha sauti. "Ila ule mzunguko usiuondoe."

Tuliporudi, bwana harusi alikuwa ananisubiri. "MC, mzunguko hatuutaki."

"DJ ameshapanga," nilimjibu, nikatabasamu kwa meno tu. Kisha nikaenda kwa DJ. "Usibadilishe wimbo mpaka amwachie mkono. Ukiisha, rudia. Nikinyoosha ngumi, kata."

Siku yenyewe wapambe waliingia vizuri mpaka nikawasamehe. Maharusi wakafika katikati kwa vigelegele, na bwana harusi akashika palepale. Wimbo ukaisha, ukaanza upya. Wageni wakapiga miluzi, wakidhani ni mahaba. Ulipoanza mara ya tatu, miluzi ilipungua. Watu walianza kuutazama ule mkono. Mama yake bibi harusi aliacha kupiga makofi.

Bwana harusi bado alikuwa anatabasamu, lakini shingo ilishamvimba. Niliogopa, sitaki kudanganya. Nikawasogelea na kipaza sauti, kama MC yeyote anavyowasogelea maharusi. Alipoinama sikioni mwa mkewe, nikanyoosha ngumi. Muziki ukakatika.

"Nyumbani leo utanitambua," alisema, na spika zikausambaza ukumbi mzima.

Alitazama kipaza sauti, akanitazama mimi, na vidole vikamlegea vyenyewe.

Bibi harusi akazunguka. Taratibu, peke yake, kama nilivyomfundisha. Alipomaliza alikuwa ameelekea kwa mama yake, ambaye alishasimama na mkoba wake begani.

"Mwanangu, twende," mama alisema.

Mkono ulikuwa umeachiwa, na DJ ni mtu wa kufuata maagizo. Akabadilisha wimbo. Ukawa ule wa shangwe, wenye ngoma nzito, na mama na mwana wakatoka nao kwa mlango uleule wa kuingilia.