Picha Ndefu Iliyoruka Majina

Mimi sina subira, na sikuwahi kuona haya kwa sababu hiyo mpaka mwaka huu. Chai nainywa ikiwa inaunguza. Mtu akizunguka kwenye hadithi, namwambia afike. Mama yangu alikuwa akisema haraka haraka haina baraka, nami nilikuwa nikimjibu kwamba polepole nayo haijawahi kunilipia kodi. Nilijiona mjanja sana.

Naitwa Nyaruai. Nina saiba Tuwan, hapa Kitale: kompyuta tatu, printa moja, na benchi ambalo wateja wamelikalia mpaka likabonyea katikati. Zamani nilikuwa mwalimu, ama tuseme nilikuwa na cheti cha ualimu. Nilingoja kuajiriwa miaka sita, nikachoka, nikafungua saiba. Rafiki yangu Nasambu, tuliyegawana naye kitanda cha juu na cha chini chuoni, hakuchoka. Yeye alirudi kwao Naitiri akafundisha darasa la tatu, mwalimu wa kuchangiwa na wazazi, akituma maombi kila nafasi zilipotangazwa. Alituma kwa miaka kumi na saba. Mwezi wa kumi na moja angefikisha miaka arobaini na mitano, na tangazo la mwaka huu lilisema wazi kwamba hawachukui mtu aliyefika umri huo. Kwa hivyo hii ndiyo iliyokuwa nafasi yake ya mwisho, na sisi wote wawili tulijua.

Majina ya waliochaguliwa kupeleka vyeti Bungoma yaliwekwa kwenye mtandao Jumatatu asubuhi. Siku ya kwenda ilikuwa Alhamisi. Ilikuwa jedwali moja refu la watu mia nne na kumi na wawili, na ukurasa wenyewe ulikuwa mzito, hata kwangu ulifunguka ukijikokota. Mtu aliye Naitiri au juu huko Kapsokwony angeungoja mpaka bando iishe. Ndiyo maana walimu wa grupu letu la WhatsApp walizoea kunitegemea mimi. Mimi ndiye mama wa picha ndefu.

Picha ndefu si maajabu. Nina programu kwenye kompyuta. Unachora fremu juu ya ukurasa, unabonyeza, nayo inauteremsha ukurasa yenyewe, inapiga kipande, inateremsha tena, inapiga kingine. Kila kipande kinarudia mistari michache ya kile kilichotangulia, na kwa mistari hiyo programu inajua pa kuunganishia. Ukimaliza una picha moja nyembamba inayoanzia kichwa cha ukurasa mpaka unyayo. Naituma kama faili, si kama picha, kwa sababu WhatsApp ikiibana herufi zinakuwa ukungu. Hayo yote nilikuwa nayajua. Na nilijua sharti moja: ikiwa inateremka, usiguse mausi.

Asubuhi ile saiba ilikuwa imejaa. Mzee Gathii alitaka barua yake ya ushirika, mtu mwingine alikuwa anapiga kelele kwamba printa imemlia karatasi. Programu ilifika kama katikati ya majina, ikawa inakwenda kwa hatua za kobe. Nikaisaidia. Ndiyo neno nililojiambia, nikaisaidia. Nilizungusha gurudumu la mausi kwa kidole kimoja, mara moja tu, huku nikimwambia Gathii kwamba barua yake inakuja. Ukurasa uliruka kidogo, programu ikaendelea. Ilipomaliza niliona kichwa kiko sawa, unyayo uko sawa, nikaituma.

Shukrani zikamiminika. Kigen wa Kapsokwony alijiona, akaandika kwa herufi kubwa tupu. Wengine waliomba Mungu anibariki. Nilicheka peke yangu kama mtu aliyewaajiri yeye mwenyewe.

Saa nne hivi Nasambu akapiga. Ilikuwa mapumziko, nilisikia watoto wakipiga kelele nyuma yake.

"Nyaru, sijioni."

"Si uangalie vizuri bana. Majina hayakupangwa kwa alfabeti."

"Nimeangalia mpaka macho yanatoa machozi. Niangalilie wewe. Simu yangu ina ufa hapa katikati, pengine niko chini ya ufa."

Nikaangalia. Nilifungua ile picha, nikaikuza, nikasoma toka jina la kwanza hadi la mwisho. Nikarudia. Mara mbili niliangalia, na mara zote mbili niliangalia picha. Sikurudi kwenye ukurasa wenyewe, kwa nini nirudi, na picha nilikuwa nimeipiga mwenyewe? Huko kwenye ukurasa ningeandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafuta na ningelipata papo hapo. Picha haitafutiki, picha unaisoma kwa macho tu.

"Haumo, Nasa," nikamwambia.

Kengele ikalia kwao.

"Basi," akasema. "Wacha niingie darasani."

Usiku huo nilimwombea. Nilipiga magoti nikamwombea faraja, hebu fikiria.

Jumamosi asubuhi Nasambu aliingia saiba bila hodi wala salamu. Alikuwa amevaa sweta yake ya shuleni na viatu vilikuwa na tope jekundu la Naitiri.

"Kigen amenipigia," akasema. "Ati kwa nini sikwenda Bungoma. Ati Alhamisi waliita jina langu mara tatu, watu wakageuka kutafuta, hakuna aliyeitika."

"Kigen amechanganya. Nasambu mko wengi kama mahindi."

"Ati Nasambu Evaline Wakoli. Nyaru, fungua."

Nikafungua ukurasa, nikaandika jina lake. Mstari ukawaka rangi ya manjano. Namba mia mbili kumi na tisa.

Nilifungua picha kando yake. Safari hii sikusoma majina, nilisoma namba. Mia mbili na tisa, mia mbili na kumi, mia mbili kumi na moja, mia mbili ishirini na nne. Hakuna mkato, hakuna doa. Kila mstari wa jedwali lile ulisema kaunti ileile, shule za msingi, Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi, na programu iliona mistari inafanana ikaunganisha pasipofaa. Majina kumi na mawili yalikuwa yamedondoka mahali nilipozungusha gurudumu kwa kile kidole changu.

"Ni nini?" akauliza Nasambu.

Nitasema ukweli, uongo ulinijia kwanza. Ningeweza kusema waliongeza majina baadaye. Angeniamini, ameniamini maisha yake yote. Lakini alikuwa amesimama pale na tope lake, nikashindwa.

"Ni mimi," nikasema. "Niligusa mausi."

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho kama anavyomsikiliza mtoto aliyevunja dirisha. Kisha akakaa kwenye benchi, pale palipobonyea, akafunika uso kwa mikono.

"Na wale wengine kumi na mmoja?"

Nilipigia wale niliowajua na kuuliza wengine kwenye grupu. Wote walikuwa wamejiona kwingine, huyu kwa binamu, yule kwa simu yake mwenyewe. Wote walikwenda. Ni Nasambu peke yake aliyeridhika na neno langu.

Jumatatu tulikwenda Bungoma pamoja. Mama aliyetupokea kwenye ile ofisi hakuwa mtu mbaya. Alivaa miwani, akatafuta jina, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ulikuwemo, mwalimu. Lakini orodha ilifungwa Ijumaa. Nafasi za wasiofika zimepewa waliokuwa akiba, na barua wameshachukua."

Nasambu alimwonyesha ile picha kwenye simu yake yenye ufa. Mama yule aliiteremsha kwa kidole, akafika kwenye mia mbili kumi na moja, akavua miwani.

"Hii si kitu chetu. Mtu amekata majina hapa. Nani alisambaza hii? Huyo ni wa kushtakiwa polisi."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilikuwa nimeufungua. Nasambu alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Ilizunguka tu kwa grupu, madam," akasema. "Hata sijui ilitoka wapi."

Nje, kando ya geti, nililia kama mtoto. Nilimwambia turudi ndani nikaseme.

"Ukifungwa, mimi nitaajiriwa?" akauliza.

"Hapana."

"Basi nyamaza, Mama Zachary." Hajawahi kuniita kwa jina la mtoto wangu tangu tujuane. Hilo ni la majirani. Tulirudi kila mtu upande wake, na kwa wiki tatu hakunipigia, nami sikuwa na uso wa kumpigia.

Alikuja wiki ya mwisho ya mwezi, mchana. Alikuwa amekonda.

"Wanasema ukurasa utaondolewa Ijumaa," akasema. "Nipigie picha. Nzima. Halafu uniprintie."

"Ya nini, Nasa?"

"Watoto wa darasa la tatu waliniuliza kama niliitwa. Nikawaambia hapana. Niliwadanganya watoto."

Niliwaomba wateja wawili watoke, nikafunga mlango. Kwanza niliuteremsha ukurasa wote polepole mpaka chini ili kila kitu kifunguke, nikaurudisha juu. Nikachora fremu. Nikabonyeza. Kisha nikasukuma mausi mbali na nikakalia mikono yangu, mtu mzima na miaka yangu, nimekalia mikono kama mwanafunzi. Programu ilikwenda kwa hatua zake za kobe. Mlango ukagongwa, sikugeuka. Sijawahi kungoja kitu namna ile, na nilikuwa nangoja kisichofaa tena.

Ilipoisha nilihesabu namba kwa sauti, moja hadi mia nne kumi na mbili, na Nasambu akinifuata kwa kidole kwenye kioo. Hakuna iliyokosa. Nikaichapisha vipande vipande, nikapanga, nikagandisha kwa gundi mpaka ikawa ukanda mmoja unaotoka mezani hadi mlangoni. Tuliinama juu yake sakafuni. Akajipata, akaweka kidole chini ya jina lake, na kidole kikatulia hapo.

"Niite," akasema.

"Nini?"

"Waliniita mara tatu, nikiwa Naitiri nafundisha hesabu za kutoa kwa kukopa. Sikusikia. Niite wewe."

Nikashika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Mia mbili kumi na tisa. Nasambu Evaline Wakoli."

Alisimama, akashusha sweta yake vizuri, akatazama mbele kana kwamba kuna meza pale na watu nyuma yake.

"Niko," akasema.

Nilipaswa kuita mara mbili zaidi. Sikuweza. Akangoja kidogo, kisha akainama, akaikunja karatasi polepole kuanzia chini, akaifunga kwa uzi, akaenda nayo kwa watoto wake.