Rambirambi kwa Namba ya Zamani

Mimi nilikufa na hakuna mtu aliyeniambia. Nilikuja kupata habari za kifo changu nikiwa nimesimama mbele ya meza ya afisa ajira, viatu nimevipiga rangi, bahasha mkononi, nanukia sabuni. Hebu nikueleze taratibu, maana nikianza na hasira niliyonayo utadhani nimerukwa na akili.

Mimi ni dereva wa foklift, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Ndiyo, mwanamke, na kama unataka kucheka cheka sasa hivi tumalizane. Nina cheti, nina leseni, na kwenye yadi ninayofanyia kibarua wanaume wenyewe huniita Binti Chuma. Lakini kibarua ni kibarua. Leo unaitwa, kesho unaambiwa mzigo hakuna, rudi nyumbani. Kwa hiyo lilipotoka tangazo kwamba lile ghala kubwa la karibu na reli linataka dereva mmoja wa kudumu, mwenye mkataba na bima ya matibabu, nilipeleka maombi siku ileile. Chini ya tangazo waliandika kwamba watakaochaguliwa tu ndio watakaopigiwa simu. Nikaandika namba yangu kwa tarakimu kubwa kubwa mtu asije akakosea.

Sasa, ile namba. Laini yenyewe niliinunua zamani, kabla sijapata kitambulisho, kwa hiyo ilisajiliwa kwa jina la Mama. Nilipohama kwake baada ya kupeleka maombi, na kupanga chumba karibu na yadi, Mama akasema simu ibaki pale nyumbani, maana kliniki humpigia hapo na ndugu wote wanaijua. Sikubishana. Nikamwachia, nikanunua laini mpya kwa jina langu mwenyewe. Kichwani nikajiambia, wale wa ghala wakipiga, si Mama atapokea aniambie?

Aliyenishtua ni Fundi, yule anayetengeneza mashine zetu. Tulikuwa tumekaa juu ya matairi tunakula, akaniuliza kama ghala wameshaniita.

"Bado," nikasema. "Wakipiga Mama ataniambia."

"Kwa nini apigiwe Mama?"

Nikamweleza. Akaacha kutafuna.

"Mama yako anajua kwamba umeomba kazi?"

Hajui. Sikumwambia. Mama yangu nampenda, lakini hana kifua. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni muuza mkaa anakupa hongera. Nilitaka nipate kazi kwanza, halafu nimfunge mdomo na mkataba mkononi, kwa sababu tangu nianze kupanda hizi mashine wimbo wake ni mmoja, kazi ya kiume hiyo, itakuvunja mgongo, nani atakuoa.

"We mwanamke una wazimu," Fundi akasema. "Andika barua. Jina lako kamili, kazi uliyoomba, kumbukumbu namba ya tangazo, namba ya zamani, namba mpya. Peleka mwenyewe kwa mkono. Usimwachie mlinzi getini. Na wakugongee muhuri kwenye nakala, ili ujue wamepokea."

Fundi hugomba hivyo na spana pia, lakini alisema kweli. Nikaandika, na kesho yake nikaenda.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kidogo kilichojaa mafaili, feni inazunguka kwa kulalamika. Afisa ajira alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeteremka puani, mtu wa adabu kabisa. Akanikaribisha kiti, nikamwambia nimekuja kubadilisha mawasiliano kwenye maombi yangu. Akatabasamu, akasema laiti wote wangefanya hivyo. Akafungua barua, akasoma jina.

Tabasamu likaondoka. Akasoma tena. Akaniangalia, akaangalia barua, kisha akasukuma kiti nyuma mpaka kikagonga kabati.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye huyo mwombaji."

"Huyu amefariki," akasema.

Jamani. Umewahi kuambiwa umekufa na mtu asiyetania? Kitu cha kwanza nilichofanya, na naona aibu kukisema, ni kujishika shavu.

"Amefariki nani?"

"Wewe. Tulipiga simu kukuita kwenye jaribio la vitendo. Akapokea mama yako, akalia sana, akasema mmeshazika. Ofisi nzima ilihuzunika. Tukatuma na ujumbe wa rambirambi."

"Mlimtumia nani?"

"Tulituma kwa namba yako."

Nikatoa kitambulisho, kikaniponyoka kikaanguka chini. Akakiokota yeye, akalinganisha picha na uso wangu, akalinganisha tena. Mimi katika dakika ile nilikuwa nimeshaelewa, na kuelewa ndiko kulikoniua kweli.

Mama aliwahi kulizwa na matapeli. Walimpigia wakamwambia mtoto wa ndugu yake amepata kazi, atume pesa ya fomu, akatuma, wakapotea. Tangu hapo namba asiyoijua ikipiga ikitaja neno kazi, Mama ana dawa yake. Alikuwa anajisifu nayo kwa majirani, kwamba tapeli akisikia dawa hiyo hakati simu, anaitupa. Sikuwahi kumuuliza ni dawa gani. Kumbe dawa yenyewe ni mimi.

Nikamweleza afisa, maneno yanagongana mdomoni. Akanisikiliza, lakini nilimwona haamini. Mtu aliyelia vile kwenye simu, akasema, hawezi kuwa anaigiza.

"Mpigie sasa hivi," nikasema. "Weka sauti kubwa."

Akapiga kwa simu ya mezani. Ikaita mara chache tu.

"Haloo!"

"Shikamoo, Mama. Naongea kutoka ofisi ya ajira ya ghala. Tulizungumza kuhusu binti yako..."

"Nyie tena!" Mama akalipuka. "Hamna haya nyie? Si niliwaambia mwanangu amekufa! Mnamfuata mpaka kaburini kumpa kazi?"

Na hapo akaanza kulia. Salaale! Kilio kile kilijaza chumba, karani wa chumba cha pili akaja kusimama mlangoni na kikombe cha chai. Nilitaka kuingia chini ya meza. Nikafungua mdomo nimkatishe, lakini Mama alikuwa ameshika mwendo.

"Mtoto wangu wa kike wa pekee! Aliyekuwa anapanda madude makubwa kama nyumba, anainua mizigo juu, wanaume wazima wamesimama chini wanamtazama kwa kijicho! Mdomoni namkataza, moyoni najivuna mpaka nakosa usingizi! Sikumwambia hata siku moja! Ole wangu, sikumwambia!"

Sikuweza kumkatisha. Miaka yote hii naambiwa mgongo utavunjika, kumbe huyu mama ananisifia nikiwa marehemu tu. Sijui kama alikuwa anaigiza au alikuwa amesahau kwamba anaigiza. Machozi yalinitoka mbele ya watu wasionijua, na mimi si mtu wa kulia hovyo.

"Mama," nikasema. "Mama, ni mimi."

Kilio kikakatika ghafla.

"Toba! Hadi sauti yake mmeiiba! Mungu atawalaani nyie!" Akakata.

Hakucheka mtu. Karani akarudi alikotoka na kikombe chake. Afisa akaweka mkono wa simu mahali pake polepole, akavuta kiti, akakaa.

"Sasa nimeamini," akasema.

"Basi niandikie siku ya jaribio," nikasema. "Hata leo. Mashine si zipo hapo nje? Nipe ufunguo uone."

Akainamisha kichwa.

"Jaribio lilishafanyika. Aliyefaulu amesaini mkataba, ameanza kazi juzi. Ulikuwa wa kwanza kwenye orodha yetu, dada yangu. Tulikupigia wewe kabla ya wote."

Wa kwanza! Angesema nilikuwa wa mwisho ningelala. Damu ikanipanda.

"Mnamzikaje mtu kwa simu?" nikafoka. "Mtu anaambiwa tu fulani amekufa, anaamini, anaita mwingine?"

Hakunijibu kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Namba uliiandika mwenyewe, na ilikuwa hiyo moja tu. Aliyepokea akasema ni mama yako. Ulitaka tumdai cheti cha kifo? Kesho yake tulipiga tena kuuliza tutoe pole wapi, hakupokea. Ungeleta hii barua siku uliyobadilisha laini, tungepiga namba mpya."

Akagonga muhuri kwenye nakala yangu, akafuta namba ya zamani kwenye faili, akaandika mpya, akanisomea tarakimu moja moja nihakikishe. Akaniambia ataniweka kwenye akiba, nafasi nyingine ikitokea nitaitwa. Nikamwambia asante. Mdomo ulisema wenyewe.

Ndipo simu yangu, hii mpya, ikaita mfukoni. Mama.

"Mwanangu uko wapi? Uko salama?" Alikuwa anahema. "Wale matapeli wameiga sauti yako, nimeisikia kwa masikio yangu, nimeogopa, nikasema isije ikawa nimekuitia mauti..."

"Mama, nilikuwa mimi. Niko ofisini kwao. Si matapeli."

"Kazi gani hiyo?"

"Foklift. Ya kudumu. Niliomba, sikukuambia."

"Hukuniambia," akarudia, sauti imeshuka. Nikamsikia akitafuta pa kukaa. Kisha akauliza, "Huyo dada wa ofisini yupo hapo? Mpe simu."

Nikaiweka mezani, nikafungua sauti.

"Mwanangu," Mama akamwambia afisa, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia akimpa mtu, "mimi ndiye niliyesema amekufa. Uongo ni wangu peke yangu, yeye hana kosa. Nakuomba unisamehe. Mfufue, mama, umrudishe kwenye orodha yako."

Afisa akavua miwani, akaiweka chini.

"Mama, kumfufua nimeshamfufua. Amekaa hapa mbele yangu, mzima kabisa. Ila nafasi ina mtu."

Nilimsubiri alie. Mama yangu, mwenye machozi ya kuwagawia matapeli wa nchi nzima, hakulia. Alikuwa anapumua tu upande wa pili, na mimi nikawa napumua upande huu, simu katikati yetu juu ya meza ya watu, na hakuna kati yetu aliyeweza kukata.