Kupigwa Jeki

Video ya wafagiaji wa barabara ilikuwa imeenea kila kona. Wanawake wa makamo walikuwa wamelaza fagio zao katikati ya njia na kugoma, wakidai glavu. Binti alikuwa ukumbini akisubiri kipindi. Mama mdogo aliyemlea alikuwa mmoja wa wanawake wale, hivyo vidole vikamwasha. Aliandika chini ya video: "Hawa kina mama wanastahili kupigwa". Mhadhiri akaingia, naye kwa haraka akabonyeza kutuma. Alipogundua kuwa imekwenda nusu, akamalizia kwa komenti ya pili: "jeki, jamani! Manispaa iwape vifaa." Akaitumbukiza simu mkobani.

Alipoitoa baada ya kipindi, ilikuwa ya moto.

Mtu alikuwa amepiga picha ya komenti ya kwanza peke yake. Ukurasa wa udaku uitwao Moto wa Leo uliiweka ukiandika, "Msomi ataka mama zetu wapigwe!" Kila aliyekasirika aliisambaza pamoja na tusi lake, na kila tusi likawafikishia wengine. Hata waliomtetea waliisukuma mbele.

Akaihariri komenti. Neno "imehaririwa" likajitokeza pembeni, na watu wakasema anaficha. Akaifuta. Hapo akajimaliza kabisa, maana komenti ya pili ilikuwa imejibu ile ya kwanza, na zote zikatoweka pamoja. Akaandika maelezo marefu. Walioyasoma walikuwa marafiki zake tu. Jioni mtangazaji wa redio aliisoma ile sentensi kwa sauti ya msiba.

Nyumbani, mama mdogo alikuwa akisugua kanga yake kwenye beseni.

"Wamenimwagia taka," alisema. "Wenzangu. Wanasema nimelea nyoka."

"Mama mdogo, niliandika jeki!"

"Nimewaambia. Hawasikii."

Binti aliitazama ile kanga, na kitu ndani yake kikawa kigumu kama jiwe. Aliacha kujitetea. Akaanza kutafuta.

Alirudi nyuma, nakala baada ya nakala, mpaka akaifikia ya mwanzo kabisa, iliyowekwa kwenye kundi la wanafunzi kabla haijapunguzwa kingo. Chini kulikuwa na kile kisanduku cha kuandikia maoni, na kando yake picha ndogo ya mwenye simu: kofia ya bluu. Ilikuwa kofia ya Kiranja, kiongozi wa darasa lao, ambaye Binti alimshtaki kwa mhadhiri muhula uliopita kwa kuweka jina lake kwenye kazi ya kundi asiyoigusa. Juu ya kisanduku kulionekana ncha za herufi za komenti ya pili. Kwa hiyo alipopiga picha, neno "jeki" lilikuwa machoni pake.

Binti akamwandikia: "Nimekuona. Kofia yako imekusaliti."

Majibu ya Kiranja yakaja mawili, moja chini ya jingine.

"Sawa, ni mimi. Hao wafagiaji wala hawanihusu."

"Nilikuwa na hasira na wewe tu. Nisamehe, sikujua itafika huku."

Aliyasoma yote mawili. Akapiga picha. Kisha, taratibu, kama mtu anayemenya kiazi, akaukata ujumbe wa pili. Akaiunganisha na ile picha yenye kofia na kuituma Moto wa Leo. Hawakuuliza kitu. Hawakuuliza hata mara ya kwanza.

"Kiongozi wa wanafunzi: Wafagiaji hawanihusu!" Moto ukahamia kwa Kiranja. Alimpigia Binti simu mfululizo. Binti aliilaza kifudifudi mezani na kula chakula chake kwa hamu.

"Umemfanyia vilevile?" mama mdogo aliuliza.

"Vilevile."

"Wenzangu wanakwenda kumsubiri langoni mwa chuo asubuhi."

"Waende."

Mama mdogo aliinuka. "Mimi nitakwenda kuwazuia."

"Waliokumwagia taka?"

"Hao hao."

Asubuhi Binti alisimama dirishani ukumbini. Kiranja alifika ameinamisha uso, na wanawake wakamzingira. Takataka zikafagiliwa juu ya viatu vyake, kisha kwenye suruali. Mama mdogo alikuwa katikati yao, mikono juu, akipiga kelele ambazo hakuna aliyezijali. Walipotosheka, Kiranja alikuwa amekaa chini ukingoni mwa njia, analia kama mtoto.

Roho ya Binti ilisuuzika. Alimwona mama mdogo akimpangusa yule kijana vumbi mabegani, na hilo likamchoma kidogo, lakini halikumwondolea utamu.

Mchana aliweka kwenye ukurasa wake mazungumzo yote na Kiranja, bila kukata hata herufi, ili mama mdogo asipate la kusema. Alijua fika kwamba hakuna atakayeyasambaza.