Oda Mia Tatu za Sare

Pendekezo nililomtumia mama fundi wiki iliyopita lilikuwa na kurasa mbili. Kazi: matangazo kumi na mawili ya mtandaoni na video mbili fupi za sare za shule. Muda: wiki tano, mpaka shule zifunguliwe. Malipo: laki nne, nusu kabla ya kuanza. Chini kabisa niliandika, "Matarajio: oda mia tatu."

Hiyo mia tatu sikuipigia hesabu yoyote. Ilikuwa ya duka la viatu, mteja wangu wa mwaka jana. Kwa uvivu wangu nilinakili faili lile lile nikabadilisha maneno machache tu. Niligundua leo asubuhi, nikiwa njiani kwenda kuchukua saini yake. Nikajiapiza kwamba nikifika tu, namwambia.

Alinipokea kwa bashasha, akaniwekea kiti katikati ya vyerehani vyake viwili. Pendekezo langu lilikuwa limebandikwa ukutani, na ile mia tatu imezungushiwa kalamu nyekundu.

"Mwanangu, umenifungua macho," akasema. "Miaka yote nashona themanini tu, kwa woga."

Mjinga mkubwa mimi! "Mama, kuhusu hiyo mia tatu..."

"Wala usihangaike, nilikuelewa," akanikatiza, akavuta pazia la nyuma. Majora ya kitambaa cha buluu yalikuwa yamepangwa hadi darini. "Nimenunua cha sare mia tatu na hamsini, kisije kikatupungukia."