Dola Milioni Thelathini na Tatu

Mwalimu wa biashara alikuwa mdogo wake mama wa msichana mmoja wa darasa lake, lakini shuleni wawili hao walichukiana kama wake wenza. Siku karatasi za mtihani ziliporudishwa, msichana alimfuata ofisini, akaitupa yake mezani.

"Mama mdogo, swali la tano umenipa sifuri. Hata alama za njia umeninyima?"

"Hapa mimi ni mwalimu. Soma swali."

Akasoma huku amenuna. Mfanyabiashara ana shilingi 260,000, anataka dola. Dola moja ni shilingi 130. Atapata dola ngapi?

"Na wewe umempa ngapi?"

"Milioni thelathini na tatu na laki nane."

Walimu wengine wakaangua kicheko. Mama mdogo hakucheka.

"Anatoa shilingi mia moja na thelathini apate dola moja tu, halafu dola zizidi shilingi? Umezidisha bila kufikiri. Njia ipi hiyo ya kupewa alama?"

"Ungefundisha vizuri nisingekosea!"

"Wenzako wamepata. Kaa hapo, ugawanye."

Akagawanya. Dola 2,000. Akalazimishwa kuhakiki: 2,000 mara 130, zikarudi 260,000 zilezile. Kuona kwamba mama mdogo hakumwonea kulimuuma zaidi.

"Basi nibadilishie alama."

"Mtihani umekwisha. Toka."

Akatoka, akaubamiza mlango. Jioni mama mdogo alipofika kwao kula, msichana alimwekea sahani bila salamu, akaenda zake chumbani. Hakuna aliyemwita.